Suti ya Kwanza: Safu Moja ya Vifungo au Mbili?

Kijana anayemaliza chuo Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka anakuwa na shughuli kadhaa zinazofuatana: mahafali, usaili wa kazi, sendofu ya dada yake, pengine na kusimamia harusi ya rafiki. Fedha aliyonayo inatosha suti moja. Akiingia dukani Kariakoo, za kwanza kuvutwa kwenye henga ni mbili: nyeusi inayometameta, na ile ya vifungo sita ambayo mabwana harusi wanaipenda. Mimi ningemwomba aziache zote mbili kwa sasa, achukue koti la safu moja lenye vifungo viwili, rangi ya bluu iliyokoza karibu na nyeusi.

Tuanze na mkato. Koti la safu moja linafungwa katikati ya tumbo, na upande mmoja unapita kidogo tu juu ya mwingine. La safu mbili linapishana kwa upana wa kiganja au zaidi, hivyo kifua na tumbo vinafunikwa mara mbili, kitambaa juu ya kitambaa na bitana juu ya bitana. Mbeya au Arusha wakati wa baridi hilo halina shida, hata linapendeza. Dar es Salaam, kati ya Novemba na Machi, ndani ya daladala au kwenye ukumbi ambao feni zimezidiwa, mvaaji anatota jasho kabla keki haijakatwa.

Tena koti la safu mbili halitaki kuachwa wazi. Limekatwa likae limefungwa, na kwa ndani lina kifungo kilichojificha kinachoshika ule upande wa chini usiporomoke. Ukilifungua, kile kipande kilichozidi kinaning'inia mbele na mtu anaonekana kama ameazima koti la mjomba. La safu moja linakupa nafasi: unalifungua ukikaa, unalifunga ukisimama, na joto likizidi unaliacha wazi bila kuharibu umbo lako. La vifungo viwili lifunge kifungo cha juu peke yake. Cha chini kiache, kwa kuwa koti limekatwa kwa kutegemea hivyo. Ukikifunga, nguo inavutika nyongani na mikunjo inajitokeza mpaka mgongoni.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kijana wa miaka 22 bado mwili wake unabadilika. Akipungua au akinenepa, koti la safu moja fundi analipunguza au kulitanua kwenye mishono ya ubavuni na mgongoni, mradi ndani kuna akiba ya kitambaa. La safu mbili ni gumu, kwa sababu safu zile za vifungo zimepangwa kwa vipimo kulingana na kifua. Bana ubavu kwa sentimita chache kila upande, na vifungo vya nje vinaanza kuhamia mbavuni, mifuko nayo inafuata. Fundi mkweli atakwambia, "Kaka, hapa nikibana zaidi nitaliharibu." Msikilize.

Sisemi kwamba safu mbili ni mbaya. Kola yake ya kifuani, yenye ncha zinazotazama mabegani, inampa mtu mwembamba kifua kipana, na kwa bwana harusi ni vazi la heshima kabisa. Ila ni vazi linalokumbukwa. Ukilivaa kwenye sendofu mwezi huu na kwenye ubatizo mwezi ujao, watu wale wale watalitambua. Liwe suti ya pili, mwili ukishatulia na kipato kikishaanza kuingia.

Kuhusu rangi, vijana wengi wanakimbilia nyeusi wakiamini inakwenda popote. Nyeusi inaonyesha kila chembe ya vumbi, jua na pasi vinaifanya ifubae haraka, na ikiwa kitambaa ni cha bei ya chini, mng'ao wake chini ya taa unamfanya kijana afanane na walinzi wa mlangoni. Bluu iliyokoza ina utulivu ule ule wa nyeusi, lakini inapokea shati jeupe, la samawati au la waridi hafifu, na viatu vyeusi au vya kahawia. Faida kubwa zaidi ni kwamba koti lake linaweza kuachana na suruali yake. Livae juu ya suruali ya kijivu au ya kaki, na tayari una vazi la pili la ofisini. Kijivu cha mkaa kinafuata kwa karibu, hasa kwa anayelenga benki au mahakama, ila koti lake likivaliwa peke yake linaonekana limepoteza mwenzake. Bluu ya kung'aa iache kwa wasimamizi wa harusi.

Usiamini taa za dukani. Chini ya taa hizo bluu iliyokoza inaonekana nyeusi, na kuna nyeusi inayogeuka kahawia ukitoka nje. Omba ruhusa, toa koti mpaka mlangoni, liweke kando ya kitu cheusi kwenye mwanga wa jua. Hapo hapo angalia kitambaa. Kama unanunua kwa mita, omba uzi mmoja, uuchome kwa uangalifu. Sufu inanuka kama nywele zinazoungua na inaacha jivu linalopondeka kwa vidole. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu nyepesi inapitisha hewa, na mchanganyiko wenye sufu nyingi unavumilika. Poliesta tupu inafungia joto ndani.

Ukilijaribu koti, anza na mabega, maana hayo ndiyo fundi anayoyaogopa. Simama ubavu karibu na ukuta, usogee taratibu. Pedi ya bega ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa, liache hata kama bei ni ya kutupa. Ukiona kibonyeo chini ya mshono wa bega, ni dogo. Halafu funga kifungo cha juu: mikunjo yenye umbo la X ikitokea pale tumboni, koti linakubana, lakini hilo linaweza kurekebishwa. Mikono ni kazi rahisi zaidi, ifupishwe mpaka shati lionekane kwa sentimita moja hivi.

Kabla ya kulivaa mara ya kwanza, kata ule uzi wenye alama ya X unaoshika mpasuo wa nyuma, na uondoe kitambulisho cha kampuni kilichoshonwa juu ya mkono. Vyote viwili havikuwekwa ili vivaliwe, na bado vinaonekana ukumbini kila Jumamosi.

Kama unashonesha kwa fundi, kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kinahitajika mita tatu na kitu kwa mtu wa kimo cha kawaida. Nunua mita moja na robo au moja na nusu ya ziada, kutoka jora lile lile na siku ile ile, ushonewe suruali ya pili. Suruali inachakaa kabla ya koti, ikianzia makalioni na katikati ya mapaja, na ukirudi dukani mwakani kutafuta rangi hiyo, jora jingine halitalingana. Ukipeleka kwa dobi, peleka koti na suruali zote mbili kwa pamoja, ili zikififia, zififie kwa kiasi kimoja.