Kidonda cha Sikio na Ncha za Kromosomu

Chukulia mfano wa mwanamke wa miaka 34, mwenye ualbino, anayeuza mboga kando ya barabara katika kata ya Njoro, Manispaa ya Moshi. Meza yake haina paa, na ifikapo saa nne asubuhi kivuli cha mti wa jirani kimekwisha kumkimbia. Juu ya sikio lake la kushoto kuna kidonda ambacho kwa miezi mitano kimekuwa kikifunga gamba, kikitoka damu kidogo na kufunga gamba tena. Kipenyo chake kimefikia sentimita moja. Mgonjwa wa namna hii si mgeni katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, na daktari atakayemwona atashuku saratani ya seli bapa kabla hata ya kukata kipande cha kupima.

Uvimbe wa ukubwa huo unakadiriwa kuwa na seli zipatazo bilioni moja. Seli moja ikigawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, nne kuwa nane, hufikia bilioni moja baada ya migawanyiko 30 hivi. Idadi hiyo inaonekana ndogo. Lakini ndani ya uvimbe seli nyingi hufa zikiwa bado changa, hivyo ukoo unaosalia hulazimika kugawanyika mara nyingi kupita hapo. Na seli iliyoanzisha ukoo huo ilikwisha kugawanyika kwa miaka mingi kabla ya kuharibika. Hapo ndipo swali linapozuka, kwa sababu seli ya kawaida ya mwili haikupewa ruhusa ya kugawanyika bila kikomo.

Kikomo hicho kinatokana na namna DNA inavyonakiliwa. Polimerasi, kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, ina masharti mawili: haiwezi kuanza bila kuwekewa kwanza kianzio, yaani kipande kifupi cha RNA, na hunakili kuelekea upande mmoja tu. Kwa hiyo uzi mmoja wa DNA hunakiliwa mfululizo, ilhali mwenzake hunakiliwa kwa vipande vifupi, kila kimoja na kianzio chake. Baadaye vianzio huondolewa, na pengo la kila kimoja huzibwa kwa kurefusha kipande kilicho nyuma yake. Kipande cha mwisho kabisa, kilichopo kwenye ncha ya kromosomu, hakina jirani nyuma yake. Pengo lake halizibiki, na nakala mpya hutoka ikiwa fupi kuliko ile ya zamani.

Mrusi Aleksei Olovnikov aliliona tatizo hili mwaka 1966 akiwa katika kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini Moscow: alifikiria polimerasi kama treni inayokwenda relini, ambayo haiwezi kukifanyia kazi kile kipande cha reli ilichokikalia inapoanza safari. Alilichapisha wazo lake mwaka 1971, naye James Watson akalieleza kwa njia yake mwaka uliofuata. Miaka kumi kabla ya hapo Leonard Hayflick alikuwa ameonyesha kwamba seli za binadamu zinazokuzwa maabara huacha kugawanyika baada ya mara 40 hadi 60. Vitu hivyo viwili vilikuwa jambo moja, ingawa ilichukua muda kulithibitisha.

Kinachopotea katika kila mgawanyiko si jeni. Ncha za kromosomu zimefunikwa na telomeri, ambazo ni maneno yasiyo na maana yanayorudiwa maelfu ya mara; kwa binadamu neno lenyewe ni TTAGGG. Mtoto huzaliwa na telomeri zenye herufi 10,000 au zaidi, na seli inayokuzwa maabara hupoteza takriban 50 hadi 100 kila inapogawanyika. Telomeri ikifupika kupita kiasi, seli huiona ncha hiyo kana kwamba ni DNA iliyokatika, nayo husimamisha mgawanyiko.

Basi ngozi, inayojifanya upya maisha yote, inawezaje kudumu? Katika tabaka lake la chini mna seli shina, nazo zina telomerasi. Kimeng'enya hiki, kilichogunduliwa na Carol Greider na Elizabeth Blackburn mwaka 1984 katika kiumbe cha seli moja kiitwacho Tetrahimena, hubeba kiolezo chake chenyewe cha RNA, na kwa kukifuata huongeza maneno mapya kwenye ncha. Katika seli shina za ngozi nguvu yake ni ndogo: hupunguza kasi ya kufupika, lakini haiizuii kabisa. Seli binti inapopanda juu na kuanza kukomaa, jeni ya TERT, inayotengeneza kiungo kikuu cha telomerasi, huzimwa. Kuzimwa huko ni ulinzi, kwa kuwa hata seli hiyo ikiharibika, ukoo wake una idadi ya vizazi iliyokwisha kupangwa.

Jua huvunja ulinzi huo kwa njia ambayo mtu akiichunguza hukosa usingizi. Miale ya urujuanimno hupenda kugandisha pamoja herufi mbili za C zilizo jirani, na seli inapokosea kuzirekebisha, C hugeuka T. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakichunguza saratani ya melanoma waligundua mabadiliko ya aina hiyo katika sehemu mbili mahsusi za swichi ya TERT, herufi 124 na 146 kabla ya mahali jeni inapoanza kutafsiriwa. Herufi moja tu inatosha. Badiliko hilo huunda mahali papya pa kushikia kwa protini zinazowasha jeni, na TERT haizimiki tena seli inapokomaa. Baadaye mabadiliko hayohayo yalionekana katika takriban nusu ya saratani za seli bapa za ngozi zilizopimwa, nyingi zikiwa za wagonjwa wa Ulaya.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba badiliko hilo peke yake hutengeneza saratani. Mwanzoni telomerasi inayotokea ni kidogo. Huziokoa zile telomeri fupi kupita zote, huku nyingine zikiendelea kupungua. Ikiwa jeni ya p53 nayo imeharibiwa na jua, seli hupuuza amri ya kusimama, ncha zilizo wazi huungana ovyo, kromosomu hukatikakatika, na seli nyingi hufa. Zile chache zinazonusurika ni zile zilizoongeza telomerasi ya kutosha. Kidonda cha yule muuza mboga kimejengwa na wazao wa wanusurika hao, tena wenye kromosomu zilizovurugika.

Kwa kuwa telomerasi hupatikana katika saratani takriban 85 hadi 90 kwa kila 100, kuizuia kumejaribiwa kwa muda mrefu. Dawa ya imetelstati iliidhinishwa Marekani mwaka 2024, lakini kwa ugonjwa fulani wa uboho unaoleta upungufu wa damu, si kwa saratani ya ngozi. Madhara yake makubwa ni kushuka kwa seli nyeupe na chembe sahani, kwani seli shina za uboho nazo hutegemea telomerasi. Tena dawa ya namna hii huchelewa kwa asili yake, maana uvimbe wenye akiba ya telomeri huendelea kukua hadi akiba iishe.

Kwa sikio la mama huyu, kisu kinatangulia. Kidonda hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi inayoonekana nzima, kisha mtaalamu wa patholojia huangalia kwa hadubini kama ukingo huo umetoka safi. Kipimo cha TERT hakihitajiki kwa uamuzi huo. Madoa makavu yenye magamba kwenye paji la uso na migongo ya mikono, ambayo bado si saratani, hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Naye huondoka na kofia ya ukingo mpana, shauri la kuhamishia meza chini ya paa, na kopo la Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapohapo Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambayo atayapaka upya mchana, masikio yakiwemo.