Fomu, ada na safari: kusoma jumbe za wazazi wa shule Italia

Kati ya Malindi na Italia pana njia ya miaka mingi. Waitaliano wamejenga na kuishi pwani hiyo, ndoa zimefungwa, na wapo watoto waliozaliwa upande huu wanaosoma shule za msingi upande wa pili. Mama au baba aliyejifunza Kitaliano hotelini au sokoni huweza kuagiza chakula, kupatana bei na kusalimiana na majirani bila shida. Mtoto akishaandikishwa shule, mzazi huyo huingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, na hapo hukutana na Kitaliano kingine: kifupi, kimejaa lugha ya ofisi, na nyuma ya kila ujumbe pana siku ya mwisho.

Kabla ya kutafsiri chochote, inafaa kujua ni nani anayeandika. Kundi hili si la shule. Kila mwaka, katika wiki za kwanza za masomo, wazazi humchagua mwenzao awe mwakilishi wa darasa, anayeitwa *rappresentante*. Yeye ni mzazi kama wewe, halipwi, na kazi yake ni kupeleka maneno kati ya walimu na wazazi. Anachokiandika kwenye kundi ni ukumbusho tu. Taarifa yenyewe ni waraka wa shule, *circolare*, ambao hutolewa na mkuu wa shule, hupewa namba, na huwekwa kwenye daftari la kielektroniki la shule, *registro elettronico*. Ujumbe wa kundi ukipingana na waraka, fuata waraka.

Tuchukue mfano wa mama wa Malindi anayeishi Padova, mwanawe yuko darasa la tano, mwaka wa mwisho wa shule ya msingi huko. Darasa la tano husoma historia ya Warumi, kwa hiyo safari ya kwenda Ravenna kutazama michoro ya vijiwe vya rangi katika makanisa ya kale ni jambo la kawaida. Jumbe ninazozitoa hapa nimezitunga kwa mtindo unaotumika katika makundi haya. Jioni moja simu yake inaonyesha hivi:

*Buonasera a tutti! Vi ricordo che entro venerdì 14 vanno consegnate le autorizzazioni per la gita del 9/4 a Ravenna, firmate da entrambi i genitori. La quota è di 32,50 € ad alunno, si paga con PagoPA. Chi non consegna non parte.*

Kwa Kiswahili: "Habari za jioni nyote. Nawakumbusha kwamba fomu za ruhusa za safari ya Ravenna ya tarehe 9 Aprili zirudishwe kufikia Ijumaa tarehe 14, zikiwa na saini za wazazi wote wawili. Mchango ni yuro 32 na senti 50 kwa kila mwanafunzi, unalipwa kwa PagoPA. Asiyerudisha fomu hasafiri."

Neno *entro* ndilo linalobeba siku ya mwisho, na siku hiyo yenyewe imo ndani: fomu ikifika Ijumaa asubuhi bado iko salama. Likiandikwa *entro e non oltre*, maana yake hakuna nyongeza ya siku. Mkato kwenye 32,50 hutenganisha yuro na senti, na nukta hutenganisha maelfu, kinyume na tunavyoandika sisi. Kwa hiyo safari ya 1.200,00 ni ya yuro elfu moja na mia mbili. Na ile sentensi ya mwisho, ingawa inasikika kama ukali, ni maelezo tu ya sheria: bila ruhusa iliyoandikwa, mwalimu hana idhini ya kumtoa mtoto nje ya mji, na mtoto huyo hubaki shuleni siku hiyo.

Baada ya ujumbe huo huja mvua ya majibu. *Fatto* ni "tayari". *Anche noi* ni "na sisi pia". *Grazie mille* ni shukrani. Hayo yote hayamdai mama yetu kitu. Anachopaswa kukitafuta ni ujumbe wenye namba, tarehe au jina la karatasi, na siku mbili tatu kabla ya safari ujumbe wa namna hiyo huja tena:

*Ritrovo ore 7.20 davanti a scuola, partenza puntuale 7.30, rientro previsto 18.30. Pranzo al sacco, k-way e scarpe comode.*

Yaani: "Tukutane mbele ya shule saa moja na dakika ishirini asubuhi, kuondoka ni saa moja na nusu kamili, kurudi kunatarajiwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Waje na chakula cha kubeba, koti jepesi la mvua na viatu vya kutembelea." Hapa mzazi aliyelelewa na saa za Kiswahili awe mwangalifu sana. Akiisoma 7.20 kama saa saba na dakika ishirini, atafika mchana, na basi litakuwa limeshafika Ravenna zamani. Waitaliano huhesabu saa kuanzia usiku wa manane hadi 24, hivyo 18.30 kwetu ni magharibi inapokaribia. Chakula cha kubeba kiwe cha kuliwa kwa mkono: mikate iliyotiwa kitu ndani, matunda, chupa ya maji isiyo ya kioo. Mtoto asiyekula nguruwe afungiwe chakula chake mwenyewe, kwa sababu nyama ya ndani ya mikate anayopewa na wenzake mara nyingi huwa *prosciutto*, nayo ni ya nguruwe.

Sasa malipo. PagoPA ni mfumo wa serikali wa kulipia ofisi za umma, na tangu mwaka 2021 shule za serikali zinatakiwa kupokea pesa za wazazi kwa njia hiyo. Shule hutoa hati ya malipo, *avviso di pagamento*, yenye jina la mtoto, kiasi, siku ya mwisho, mchoro wa mraba wa kupigwa picha kwa simu, na namba ya hati yenye tarakimu 18. Hati hupatikana kwenye daftari la kielektroniki au kwenye tovuti ya wizara ya elimu iitwayo Unica, ambayo huingiwa kwa utambulisho wa kidijitali wa SPID au kwa kitambulisho cha kielektroniki. Asiye na utambulisho huo aende ofisi ya shule, *segreteria*, aombe hati iliyochapishwa. Akishaishika mkononi, anaweza kulipa kwa programu ya benki yake, posta, au katika duka la sigara lenye bango la herufi T, akiongezewa ada ndogo ya huduma.

Stakabadhi isitupwe. Safari za shule, chakula cha shule na bima ya mwanafunzi ni gharama za elimu zinazotambuliwa na sheria ya kodi: mzazi anayelipa kodi ya mapato hurudishiwa asilimia 19 ya gharama hizo, hadi kiwango kilichowekwa, mradi malipo yaonekane kwenye kumbukumbu za benki au kadi.

Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa kutofautisha pesa za shule na pesa za kundi. Ujumbe unaosema *raccolgo io 5 euro a testa per il regalo alle maestre* unamaanisha "nakusanya mimi yuro tano kila mmoja kwa ajili ya zawadi ya walimu". Huo ni mfuko wa wazazi wenyewe, *fondo cassa*. Shule haihusiki nao, haurudishi kodi, na asiyetoa havunji sheria yoyote. Tena kuna *contributo volontario*, mchango ambao shule huuomba mwanzoni mwa mwaka. Elimu ya lazima Italia ni bure, na mchango huu, kama jina lake linavyosema, ni wa hiari. Lakini mara nyingi ndani yake imechanganywa bima ya mwanafunzi, na bima hiyo shule huidai kabla ya kumruhusu mtoto kusafiri. Jibu la busara ni kuiuliza ofisi: sehemu ya bima ni kiasi gani? Ilipe hiyo kwanza, halafu uamue juu ya iliyobaki.

Jambo linalowakwamisha wengi zaidi ni fomu ya ruhusa. Sehemu ya juu huwa rahisi: jina la mtoto, darasa, mahali, tarehe. Chini yake huja visanduku viwili, *autorizza* na *non autorizza*, "naruhusu" na "siruhusu". Maelekezo yakisema *barrare la casella*, weka alama ya msalaba ndani ya kisanduku unachokichagua. Yakisema *barrare la voce che non interessa*, ni kinyume chake: pitisha mstari juu ya neno usilolitaka. Mzazi aliyeyachanganya hayo mawili amemzuia mwanawe kusafiri kwa mkono wake mwenyewe, na mwalimu atakayepokea fomu hiyo hana ruhusa ya kukisia alichokusudia.

Kisha saini mbili. Sheria ya Italia inahesabu kwamba maamuzi makubwa juu ya mtoto ni ya wazazi wote wawili. Baba akiwa Mombasa na mama Padova, fomu nyingi zina aya ndefu inayotaja vifungu 316, 337 ter na 337 quater vya sheria ya kiraia. Maana ya aya hiyo ni moja: mzazi anayesaini peke yake anatamka kwamba mwenzake anajua na amekubali. Aya hiyo hutaja pia agizo la rais namba 445 la mwaka 2000, linalofanya tamko la uongo kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo mama ampigie simu baba wa mtoto, apate ridhaa yake kwa maandishi, aihifadhi, kisha ndipo asaini. Ikiwa mzazi mwenzake amefariki au mahakama imemwondolea mamlaka juu ya mtoto, aieleze ofisi ya shule mara moja mwanzoni mwa mwaka, ili asiulizwe kila safari.

Usipoelewa, usiulize mbele ya kundi zima endapo unaona haya. Mwandikie mwakilishi peke yake: *Ciao, scusa, non ho capito bene. Mi puoi dire data, quota e orario?* Yaani, "Samahani, sijaelewa vizuri. Unaweza kuniambia tarehe, mchango na saa?" Wazazi wa darasa moja huitana kwa *tu*, namna ya kuzungumza na mtu wa karibu, na hilo si utovu wa adabu. Kwa mwalimu na kwa ofisi tumia *Lei*, na uandike *mi può dire* badala ya *mi puoi dire*.

Na kama yuro 32 na senti 50 hazipo, usinyamaze mpaka Ijumaa ipite. Gharama ya basi hugawanywa kwa idadi ya watoto waliothibitishwa, na basi likishakodiwa shule hubanwa na mkataba. Nenda *segreteria* mapema, au umwombe mwalimu nafasi ya kuzungumza faragha, na useme wazi kwamba mwanao anataka kwenda lakini pesa hazitoshi. Shule nyingi huwa na akiba ya kuwasaidia watoto wa namna hiyo, na maombi hayo hushughulikiwa bila kutajwa kwenye kundi la wazazi.