Mahindi au Mtama? Mchoro wa Mkulima wa Dodoma

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Mkulima mwenye ekari moja akikosea zao, hana mvua nyingine ya kufidia. Mahindi yana faida kubwa mvua ikikubali. Mtama huvumilia ukame. Achague lipi?

Wataalamu wa uchumi wa kilimo huchora mti uliolala. Kushoto kuna mraba, pale mkulima anapoamua mwenyewe. Unatoa matawi mawili, mahindi na mtama. Kila tawi linaishia kwenye duara, pale mvua inapoamua, na kila duara linatoa matawi mengine mawili: mvua nzuri na mvua haba.

Tuchukue mfano. Wazee wakihesabu misimu kumi iliyopita wanakumbuka sita ya mvua nzuri na minne ya ukame. Kwa hiyo tunaandika 0.6 na 0.4 kwenye matawi ya mvua. Mwishoni mwa kila tawi tunaandika faida, yaani mauzo ukiisha kutoa gharama za mbegu, kulima na palizi. Mahindi yaingize shilingi 600,000 mvua ikiwa nzuri, na hasara ya 150,000 ikiwa haba. Mtama uingize 350,000 au 150,000. (Bei ya mahindi iwe ya mwaka wa mavuno mengi, maana mvua nzuri hujaza ghala la jirani pia.)

Sasa mti unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa mahindi, 0.6 mara 600,000 ni 360,000, ondoa 0.4 mara 150,000, ambayo ni 60,000. Zinabaki 300,000. Kwa mtama, 210,000 na 60,000 ni 270,000. Mahindi yameshinda.

Lakini ushindi huo ni mwembamba. Wazee wakiwa wamesahau msimu mmoja tu wa ukame, hesabu inakuwa tano kwa tano: mahindi yanashuka hadi 225,000, mtama unabaki na 250,000. Jibu limegeuka. Ndiyo maana kumbukumbu ya mvua inastahili kuhojiwa kuliko kitu kingine chochote kwenye mchoro huu. Na mtama nao una duara lake la pili ambalo wengi hulisahau: kweleakwelea.

Tena zile 300,000 hazipatikani mwaka wowote. Ni wastani wa miaka mingi. Mwaka huu mkulima atapata 600,000 au atadaiwa 150,000. Mwenye akiba au ng'ombe wa kuuza anaweza kufuata wastani. Anayelima kwa mkopo, kwa maoni yangu, apande mtama hata kama mchoro unasema mahindi, au agawanye ekari.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza utabiri wa msimu, badilisha zile 0.6 na 0.4, kisha zidisha upya kabla hujanunua mbegu.