Senti Moja Inapopotea

Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za `float`, hupata 0.30000000000000004, kwa kuwa mfumo wake wa mbili hauwezi kuandika sehemu hizo kikamilifu. Ndiyo maana bei ya shilingi 33.30 ihifadhiwe kama namba kamili: senti 3330.

Kodi, hata hivyo, huleta vipande. VAT ya Kenya, asilimia 16, juu ya senti hizo ni 532.8. Hapo aina ya desimali hufaa, kisha jibu likadiriwe hadi senti nzima iliyo karibu. Lakini lini? Bidhaa tatu za bei hiyo, kodi ikikadiriwa kwa kila moja, hutoa senti 1599. Ikikadiriwa kwenye jumla, 1598. Risiti na hesabu za ofisini hazitalingana. Unayekagua msimbo, dai kanuni iliyoandikwa, kisha ijaribu kwa bei hizi.