Vyumba Tisa vya Rogue, na Njia ya Kufikia Kila Kimoja

Mnamo mwaka 1980 Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mjini Santa Cruz, walitunga mchezo wa kompyuta uitwao Rogue. Mchezaji hushuka ngazi baada ya ngazi katika mahandaki, akitafuta hirizi ya Yendor. Ramani hakuichora mtu. Kompyuta huichora upya kwa kubahatisha kila mchezaji afikapo ghorofa mpya. Basi kuna hatari: mchezaji akiwekwa chumba kimoja na ngazi ikawa chumba kingine kisichofikika, mchezo umekwama.

Kwanza ni kuweka vyumba visipandiane. Rogue huigawa skrini, yenye herufi 80 kwa mistari 24, katika miraba tisa, mitatu kwa mitatu. Kila mraba huweza kupata chumba chake, na ukubwa wake na mahali pake hubahatishwa humo humo ndani ya mraba.

Kisha huja kazi ya kuunganisha. Tuvipe vyumba namba 1 hadi 9, safu kwa safu kutoka juu. Kompyuta huteua chumba kimoja, tuseme cha 1, na kukitia alama. Kutoka hapo huchimba njia hadi majirani wasio na alama, yaani 2 na 4, nao hutiwa alama. Majirani wakiisha, huteua chumba kingine chenye alama: 4 kinaleta 5 na 7, 2 kinaleta 3, 7 kinaleta 8, 3 kinaleta 6, na 6 kinaleta 9. Njia nane zimetosha vyumba tisa. Hakuna kinachoweza kuachwa, kwa sababu kila chumba kipya hushikizwa kwenye kilichokwisha kushikizwa, na kazi haikomi mpaka vyote tisa viwe na alama.

Hata hivyo, kufikika si sawa na kufikika kwa urahisi. Katika mfano wetu, 8 na 9 vimepakana, lakini anayetoka 8 kwenda 9 hana budi kuzunguka kupitia 7, 4, 1, 2, 3 na 6. Ndiyo maana Rogue humalizia kwa kujaribu kuongeza njia chache, zisizozidi nne, kati ya majirani. Njia moja tu kati ya 8 na 9 ingeufuta mzunguko huo wote.

Wanaotawanya vyumba bila miraba hukagua baadaye: huanzia chumba kimoja, hufuata kila njia na kuhesabu vyumba walivyofikia. Hesabu ikipungua, kuna chumba kilichotengwa. Ukitunga ramani yako, usingoje ukaguzi ukuumbue: chimba kila njia mpya kutoka chumba kilichokwisha kuunganishwa.