Kumdai Mkurugenzi kwa Barua Pepe

Tuchukue duka dogo la uchapaji la Kariakoo lililochapa fomu na vipeperushi vya kampuni moja ya bima. Mzigo ulipokelewa tarehe 3 Machi. Ankara ni ya shilingi 4,720,000, yaani milioni nne za kazi yenyewe na asilimia 18 ya VAT, na makubaliano yalikuwa kulipa ndani ya siku 30. Tarehe 2 Aprili ikapita, wiki ikapita tena, na akaunti iko vilevile. Sasa mwenye duka anakaa kuandika barua pepe. Deni ni lilelile, lakini barua atakayomwandikia mhasibu anayemfahamu haiwezi kuwa sawa na ile atakayomwandikia mkurugenzi wa fedha ambaye hawajawahi kuonana.

Aanze na mhasibu. Huyu wamekwisha zoeana, na katika barua zake yeye mwenyewe humwita mwenye duka “kaka”. Kwa hiyo anaweza kumwandikia hivi:

“Dada, habari za kazi? Poleni na kufunga hesabu za robo mwaka. Naulizia ile ankara yetu Na. 118 ya vipeperushi, ilikuwa ilipwe tarehe 2. Kuna karatasi yoyote inayokosekana upande wetu? Nimeiambatisha tena pamoja na hati ya kupokelea mzigo na risiti ya EFD.”

Pole hiyo ina maana kwa sababu inagusa jambo la kweli: mwisho wa Machi wahasibu wengi huwa wamezama katika kufunga robo ya kwanza ya mwaka. Deni limekuja kwa sura ya swali, na swali hilo linamwachia mhasibu nafasi ya kujibu bila kujitetea. Huenda kuna hati iliyopotea, au malipo yamekwama mezani kwa mtu mwingine. Na aliyetajwa kuchelewa ni ankara, si dada mwenyewe.

Ukaribu huo hata hivyo haujitangazii wenyewe. Kwa mtu unayemwandikia mara ya kwanza, “Ndugu Mhasibu” inatosha, au “Bi.” au “Bw.” pamoja na jina lake la ukoo. Kisha soma majibu yake. Akifunga barua kwa jina lake la kwanza tu, akauliza habari za nyumbani, au akakuita kaka, mlango ameufungua yeye. Mteja au mtu aliyekuzidi cheo ndiye anayeteremsha urasmi, nawe unamfuata. Ukimtangulia, jibu lake litakuambia: atarudi na “Ndugu Msambazaji” iliyonyooka, bila hata “habari”. Ukiona hivyo rudi kwenye urasmi katika barua inayofuata, na usianze kuomba radhi.

Jambo moja hubadilisha yote hayo, nalo ni sehemu ya nakala. Siku bosi wake anapowekwa kwenye barua, “dada” na “kaka” zinakaa pembeni hata kama jana mlicheka kwenye simu. Mhasibu anayeitwa dada na msambazaji mbele ya mkurugenzi wake anaweza kuonekana ana upendeleo, na hapo umemharibia. Kumbuka pia kwamba barua pepe husafiri. Uliyomwandikia mmoja kwa mazoea inaweza kupelekwa kwa mwingine kwa kubofya mara moja, pamoja na mazungumzo yote yaliyo chini yake.

Tuseme mhasibu amejibu kwamba nyaraka zimekamilika, kilichobaki ni idhini ya mkurugenzi wa fedha. Hapa ndipo wengi wanapokosea, nao wanakosea kwa nia njema. Kwa kuwa mtu ni mkubwa, wanarefusha: natumai u mzima wa afya pamoja na familia, dhumuni la barua hii, na kadhalika. Kisha ombi lenyewe linalainishwa mpaka linapotea: “Nilikuwa naomba kama itawezekana, endapo utapata nafasi, utuangalizie lile suala letu.” Suala gani? Shilingi ngapi? Lini? Ana kwa ana, salamu ndefu ni heshima, na mtu anayezikata anaonekana hana malezi. Lakini mkurugenzi anayesoma barua kwenye simu kati ya vikao viwili huona mistari michache ya mwanzo, na ikiwa yote ni salamu, ataahirisha. Heshima yake iwekwe kwenye cheo anachoitwa na kwenye kitenzi cha kuomba. Kiasi na tarehe havihitaji kulainishwa:

“Yah: Ombi la idhini ya malipo, ankara Na. 118, shilingi 4,720,000

Ndugu Mkurugenzi wa Fedha,

Salaam. Naomba idhini yako ili ankara tajwa, iliyotakiwa kulipwa tarehe 2 Aprili, ilipwe kabla ya Ijumaa tarehe 25 Aprili. Mzigo ulipokelewa tarehe 3 Machi, na idara ya uhasibu imethibitisha kwamba nyaraka zote zimekamilika. Nimeziambatisha.”

Ni fupi kuliko ya mhasibu ukiondoa kichwa chake, na ni ya moja kwa moja zaidi, ingawa imeandikwa kwa mkubwa. Sababu ni kwamba yeye ndiye mwenye uamuzi. Anachohitaji ni kujua anaombwa nini. Ile “Husika na kichwa cha habari hapo juu” ya barua za serikali ningeiacha hukohuko, kwa kuwa hapa inakula mstari wa kwanza, ambao ndio wenye thamani kuliko yote.

Kuhusu majina ya heshima, “Mheshimiwa” waachie wabunge, mawaziri, majaji na wenzao. Kwa mkurugenzi wa kampuni hunuka kujipendekeza. “Mzee” na “Mama” ni maneno mazuri mdomoni, lakini katika barua ya biashara mwanamke mwenye cheo aitwe kwa cheo chake. Mhandisi na Daktari watajwe hivyo, maana wamevisomea.

Kabla ya kubofya kitufe cha kutuma, mwenye duka ampigie mhasibu simu: “Dada, namwandikia mkurugenzi leo, nimekutaja kwa wema.” Asipofanya hivyo, dada ataona amerukwa, na ankara ijayo itakaa chini kabisa ya rundo.

Ikiwa tarehe 25 nayo itapita, ukali upande kwa hatua huku salamu ikibaki palepale. “Malipo bado hayajatufikia” huacha uwezekano kwamba yako njiani. “Kampuni yenu haijalipa” inaigusa ofisi nzima. “Hujatulipa” inamnyooshea mtu kidole, nami sioni barua ya biashara inayoihitaji. Hatua ya mwisho si kupandisha sauti, ni kutaja kitakachofuata: “Kuanzia tarehe 5 Mei hatutapokea oda mpya hadi ankara Na. 118 ilipwe.” Iandikwe tu na mtu aliyekwisha amua kweli kukataa oda, kwa sababu akiipokea inayofuata, barua zake zote za baadaye hazitakuwa na uzito.

Kwa mhasibu, hatua hiyo ina njia nyingine. Mtu uliyemwita dada miezi yote, ukimwandikia ghafla “Ndugu Mhasibu” bila bosi kuwemo kwenye nakala, umekwisha mwambia kwamba umekasirika kabla hajafika kwenye ankara. Wakati mwingine ndicho unachotaka asikie. Kama sicho, mwachie “dada” yake na uweke ukali kwenye tarehe. Fedha zikiingia, yeye ndiye wa kwanza kuandikiwa: “Dada, zimefika leo asubuhi, stakabadhi hii hapa. Ahsante kwa kufuatilia.” Mkurugenzi mwandikie barua yake peke yake, mistari miwili, kwa “Ndugu” ileile.