Kuhesabu Kazi ya Kutenganisha Isotopu za Urani

Urani inayochimbwa ardhini ina takriban asilimia 0.711 tu ya isotopu ya urani-235, ambayo ndiyo hupasuka kwa urahisi ndani ya vinu vingi vya umeme. Sehemu kubwa iliyobaki ni urani-238. Kwa kuwa zote mbili ni elementi moja, hakuna asidi wala kiyeyushi cha kawaida kinachoweza kuichagua moja na kuiacha nyingine. Tofauti ya kutegemewa ni ya tungamo, nayo ni ndogo mno. Urani hugeuzwa kuwa gesi ya heksafloridi, ambayo molekuli zake huwa na tungamo la 349 au 352. Kupenyeza gesi hiyo mara moja katika utando wenye vitundu huongeza uwiano wa isotopu nyepesi kwa asilimia 0.43 tu, hata katika hali bora kabisa. Sentrifuji hufanya vizuri zaidi, lakini nayo hulazimika kuunganishwa na nyingine katika safu ndefu.

Juhudi hiyo hupimwa kwa kazi ya utenganishaji. Kipimo chake huandikwa kwa kilogramu, jambo linalowapotosha wengi, kwani hakihesabu uzito wa urani wala umeme uliotumika. Kila mkusanyiko x hupewa thamani:

V(x) = (2x − 1) ln[x/(1 − x)]

Thamani ya zao huzidishwa kwa uzito wake, vivyo hivyo ya masalia. Jumla yake hutolewa thamani ya malighafi iliyoingia. Kinachobaki ndicho kazi iliyofanyika.

Chukua kilogramu 1 ya urani iliyorutubishwa hadi asilimia 4.5. Masalia yakiachwa na asilimia 0.25 ya urani-235, huhitajika kilogramu 9.2 za urani asilia na takriban vipimo 6.9 vya kazi. Masalia yakiachwa na asilimia 0.30, kazi hushuka hadi 6.2, lakini malighafi hupanda hadi kilogramu 10.2. Zao ni lilelile. Kilichobadilika ni kiasi cha urani-235 kilichotupwa.

Hivyo mkamuo wa ziada wa masalia hufanya kazi ya mgodi. Urani ikiwa ghali na sentrifuji zikiwa na nafasi, mrutubishaji hukamua zaidi na kununua madini kidogo. Nchi yenye hazina kama ile ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, haiwezi basi kukadiria soko lake kwa kuhesabu vinu vya dunia peke yake. Katika mfano huu, vinu havikuongezeka wala kupungua, ilhali mahitaji ya urani asilia yamesogea kwa takriban sehemu moja ya kumi, kwa uamuzi uliofanywa katika kiwanda cha urutubishaji, mbali na mgodi.